Faini iliyo fidia na fidia iliyo faini: nyumba ya Shela iliyochelewa siku 76

Tuseme kuna nyumba ya wageni ya vyumba vitano inayojengwa Shela, kisiwani Lamu. Mfano huu nimeubuni, ila hakuna kipande chake ambacho sijakikuta katika mkataba wa mtu. Bei ya kazi ni shilingi 14,000,000. Siku ya kukabidhi ni Novemba 30, kusudi mwenye nyumba awahi wageni wa Disemba na kaskazi. Mkandarasi alikabidhi funguo Februari 14. Hesabu siku zote 31 za Disemba, siku 31 za Januari na 14 za Februari: siku 76.

Mkataba wao una kurasa sita na waliutia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mgogoro mzima umekaa katika vifungu viwili. Cha 9 kinasema: “Mkandarasi akichelewa kukabidhi baada ya Novemba 30, atatozwa faini ya shilingi 30,000 kwa kila siku.” Cha 14 kinasema: “Mkandarasi akivunja sharti lolote la mkataba huu, atamlipa mwenye nyumba shilingi 1,500,000 zikiwa fidia iliyokadiriwa na kukubaliwa na pande zote mbili.”

Mwenye nyumba amepiga hesabu yake. Siku 76 mara 30,000 ni 2,280,000. Anaongeza 1,500,000 za kifungu cha 14, inakuwa 3,780,000. Kwa kuwa bado hajalipa 2,500,000 za bei ya mkataba, anasema mkandarasi ndiye anayedaiwa, tena 1,280,000. Mkandarasi naye ana jibu fupi. “Mama, faini ni ya serikali na mahakama. Wewe hukupata hasara ya 30,000 kwa siku, Januari nzima ulikuwa na wageni wawili tu walioulizia. Nilipe pesa yangu.” Na juu ya zile 2,500,000 anataka 320,000 za kazi ya ziada iliyofanywa juu ya paa.

Wote wawili wamekosea, na kosa lao linafanana: kila mmoja ameshika neno lililoandikwa akaacha kinachofanywa na neno hilo.

Kwanza tujue sheria inatoka wapi. Kenya tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 23 ya sheria zetu, iliyoanza kutumika 1961. Kifungu chake cha 2 kinaleta sheria ya mikataba ya Uingereza, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, itumike hapa pale ambapo hatuna sheria yetu iliyoandikwa. Kabla ya hapo tulitumia sheria ya mikataba ya India. Ndiyo maana wakili wa Malindi akitetea mkandarasi leo, utamsikia akitaja kesi ya matairi ya mwaka 1915.

Kesi hiyo ni ya kampuni ya Dunlop dhidi ya New Garage. Muuzaji aliahidi kutouza matairi chini ya bei iliyopangwa, na akikiuka atalipa pauni 5 kwa kila tairi. Aliuza chini, akashtakiwa, akajitetea kwamba zile pauni 5 ni adhabu. Mahakama ilimkatalia. Lakini kilichobaki na kunukuliwa mpaka leo ni maelezo ya Lord Dunedin ya namna ya kutofautisha. Kama watu wawili wakiwa bado wanapatana walijaribu kwa nia njema kukadiria hasara itakayotokea ahadi ikivunjwa, kiasi hicho ni fidia na kitalipwa kama kilivyo. Kama kiasi kimewekwa ili kumtisha mtu atimize ahadi, na kimepita mno hasara kubwa kabisa ambayo mtu angeweza kuifikiria, hicho ni adhabu, na mahakama haitamlipisha mtu. Alitoa na dalili. Mojawapo ni kiasi kimoja kilekile kuwekwa kwa makosa mengi, mengine makubwa na mengine ya kipuuzi. Hapo sheria inaanza kwa kushuku kwamba ni adhabu. Na alisema jambo moja ambalo watu husahau: hasara kuwa ngumu kukadiria si sababu ya kukiangusha kiasi. Ugumu huo ndio unaowafanya watu wakubaliane mapema.

Zingatia wakati unaotazamwa. Haitazamwi hasara iliyotokea Februari. Inatazamwa meza waliyokaa siku ya kutia sahihi, na kile ambacho mtu mwenye akili timamu angeweza kukiona kutokea hapo.

Sasa tuketi kwenye meza hiyo. Mwenye nyumba alikuwa na daftari. Vyumba vitano kwa 9,000 kwa usiku ni 45,000 nyumba ikijaa. Haijai kila siku, basi akachukua theluthi mbili: 30,000. Akatoa chakula, dobi na sabuni, vitu ambavyo mgeni asipokuja havitumiki, kama 7,000. Zikabaki 23,000. Akaongeza 3,000 za msanifu majengo kwa kila siku anayoendelea kusimamia, na 1,000 za stoo ya Mokowe yalikohifadhiwa magodoro na vitanda. Jumla 27,000. Alitaka pia kuongeza riba ya mkopo wa benki, na hapa palihitajika mtu wa kumzuia, kwa sababu riba angeilipa kutoka katika mapato yaleyale. Ukidai mapato uliyokosa kisha ukadai na riba ambayo mapato hayo yangeilipa, umedai kitu kimoja mara mbili. Mwishowe yeye akasema 40,000, mkandarasi akasema 20,000, wakakutana 30,000.

Hiyo 3,000 ya juu ya hesabu haiui kifungu. Sheria haidai kipimo cha sonara. Inauliza kama kiasi kimepita mpaka, na 30,000 dhidi ya 27,000 hakijapita. Kinachomwokoa mwenye nyumba zaidi ni kwamba lile daftari bado lipo. Ingawa ni mkandarasi anayedai kwamba kifungu ni adhabu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, ukurasa mmoja wa hesabu ya siku ile unamfanya ashindwe mapema.

Na lile neno “faini” je? Halina uzito unaodhaniwa. Katika kesi ya Clydebank ya 1905, serikali ya Uhispania iliagiza meli nne za kivita kutoka kiwanda cha Uskoti, na mkataba ukasema wazi kwamba “adhabu” ya kuchelewa ni pauni 500 kwa wiki kwa kila meli. Meli zikachelewa. Wajenzi wakaja na hoja ambayo bado hunichekesha: katikati hapo Uhispania ilipigana na Marekani mwaka 1898 na ikapoteza meli zake baharini, kwa hiyo hizi nazo zingefika kwa wakati zingezama pamoja na wenzake, basi kuchelewa kumewaokoa Wahispania na hasara. Wakasema tena kwamba meli ya kivita haiingizi pesa, sasa hasara gani? Mahakama ikakataa yote. Kwa kuwa hasara ya aina hiyo ni ngumu mno kupimwa, ndiyo sababu walikubaliana kiasi, na jina “adhabu” halikubadilisha kitu.

Hoja ya mkandarasi wetu kuhusu wageni wawili wa Januari ni meli zilezile za Uhispania. Kiasi kikishakuwa fidia halali, mwenye nyumba hahitaji kuleta barua ya mgeni hata mmoja. Anahitaji kuonyesha siku ya kukabidhi, siku funguo zilipotoka, na idadi ya siku katikati.

Mkandarasi angeweza kuja na hoja iliyo bora kuliko hiyo. Angeweza kusema kiwango ni kimoja mwaka mzima, na kila mtu Lamu anajua Mei si Disemba. Mvua za masika zikipiga na kusi ikivuma, nyumba nyingi za wageni hufunga milango. Ni hoja yenye mwili, lakini haifiki. Kukabidhi kulipangwa Novemba 30, kwa hiyo siku ambazo watu hawa walikuwa wakizifikiria walipotia sahihi ni Disemba, Januari na Februari, na wastani wao unaendana na miezi hiyo. Kama siku ya kukabidhi ingekuwa Aprili 1, ningemsikiliza kwa makini zaidi. Mimi nikiandika mkataba wa nyumba za Shela huweka viwango viwili, kimoja cha msimu na kimoja cha miezi yenye wageni wachache, na ubishi huu hauzaliwi.

Hebu tugeukie kifungu cha 14, kile kilichoandikwa kwa lugha tamu ya “fidia iliyokadiriwa na kukubaliwa”. Soma tena: akivunja sharti lolote. Mkataba huohuo una sharti kwamba kifusi kisiachwe kichochoroni kupita magharibi, kwa sababu punda wa jirani hawapiti. Una sharti kwamba mafundi wasivute sigara darini. Una sharti la kutoitelekeza kazi. Fundi akisahau karai moja la kifusi, 1,500,000. Mkandarasi akiondoka na kuacha nyumba haina paa, 1,500,000. Hakuna hesabu yoyote ya nia njema inayoweza kutoa jibu moja kwa mambo hayo mawili. Hii ndiyo dalili ya Lord Dunedin ikiwa imesimama uchi.

Mwenye nyumba anaweza kukimbilia hukumu mpya zaidi. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi za Makdessi na ParkingEye zilizoamuliwa pamoja, ilisema kukadiria hasara si kipimo pekee. Uulize kama aliyekosewa ana maslahi halali ya kuona ahadi inatimizwa, na kama kiasi kimezidi kabisa maslahi hayo. Mwenye gari aliyepitisha muda wa maegesho alilipishwa pauni 85 ingawa mwenye uwanja hakupata hasara ya moja kwa moja, kwa sababu uwanja ule ulihitaji magari yatoke. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, ila hunukuliwa na huweza kushawishi. Hata hivyo haimwokoi mwenye nyumba. Maslahi ya kichochoro kisafi ni halali, lakini milioni moja na nusu kwa karai la kifusi haina uwiano nayo. Kifungu cha 14 kinaanguka.

Kuanguka kwake hakumaanishi mkandarasi amesamehewa makosa yake mengine. Kunamaanisha tu kwamba kiasi kile hakilipwi. Kama kifusi kiliharibu baraza la jirani na mwenye nyumba akalipa 40,000 kulitengeneza, atadai 40,000 hizo kwa risiti, kwa njia ya kawaida ya kuthibitisha hasara. Lakini hawezi kukitumia kifungu hicho kuongezea kuchelewa kulekule ambako cha 9 kimeshakulipia.

Kwa hiyo 30,000 kwa siku zinasimama. Swali linalobaki, na ndilo linalohamisha pesa nyingi zaidi katika migogoro ya namna hii, ni siku ngapi.

Agosti mwenye nyumba alipanda juu ya paa jioni moja, akaona bahari, akaamua pale pawe na kibaraza cha kupumzikia chenye makuti. Nguzo zikaongezwa, na zege la chini yake likasimama likisubiri mchoro. Kazi zote za ghorofa ya juu zilikuwa zikingojea paa hilo, na paa likachelewa siku 14. Baadaye alichelewa kuchagua taili za bafu kwa siku 18. Hapa lazima mtu awe mwangalifu. Siku 11 za mwanzo za kungojea taili, plasta ya chokaa bafuni haikuwa imekauka, na hakukuwa na ukuta wa kubandikwa kitu. Taili zingekuwepo zingekaa kwenye maboksi. Kwa hiyo aliichelewesha kazi siku 7 tu. Jumla ya siku zinazomhusu yeye ni 21.

Mkandarasi anataka na siku 10 ambazo jahazi la simiti halikuvuka kutoka Mokowe Julai kwa sababu bahari ilichafuka. Mkataba unampa nyongeza ya muda kwa hali ya hewa “isiyo ya kawaida”. Kusi ya Julai ni kawaida kama adhana ya alfajiri. Mjenzi wa Lamu anayepanga ratiba bila kusi amepanga vibaya, na siku hizo ni zake. Zilizobaki ni za mafundi aliowahamishia kazi nyingine Manda, na hata yeye hazungumzii sana habari hiyo.

Kwa nini siku 21 za mwenye nyumba zitolewe? Kwa sababu huwezi kumzuia mtu njiani kisha ukamtoza kwa kuchelewa. Sheria inaichukulia kanuni hiyo kwa uzito kiasi cha kumtia mwenye nyumba hatarini. Katika kesi ya Peak dhidi ya McKinney ya 1970, mkataba wa majengo ya Liverpool haukuwa na kifungu cha kuongeza muda kwa ucheleweshaji uliotoka kwa mwenye kazi mwenyewe. Matokeo yake hayakuwa kutoa siku zake na kuacha zilizobaki. Tarehe ya kukabidhi ilikufa yote. Mjenzi akabaki na wajibu wa kumaliza kwa muda unaofaa tu, na fidia ya kila wiki ikaanguka kwa kukosa pa kuanzia kuhesabu.

Hivyo kifungu cha nyongeza ya muda, ambacho wenye nyumba wengi hukitazama kama zawadi kwa mkandarasi, ndicho kinachowalindia fidia yao. Mkataba wetu kwa bahati unacho. Unasema msanifu majengo ataongeza muda pale mwenye nyumba atakapobadilisha au kuchelewesha kazi, na kwamba mkandarasi atoe taarifa “kwa maandishi”. Mkandarasi hakuandika barua. Alituma ujumbe wa WhatsApp: “Mama kwa hii kazi ya makuti tutahitaji wiki mbili zaidi.” Akajibiwa: “Sawa fundi, lakini iwe nzuri.” Hayo ni maandishi, yana tarehe, na yana jibu. Shauri likifika mahakamani atahitaji cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ili ujumbe wa simu upokelewe. Kama mkataba ungesema kwamba asipotoa taarifa ndani ya siku kadhaa anapoteza haki ya muda, ningekuwa na wasiwasi juu yake. Haukusema hivyo.

Siku 76 ukitoa 21 zinabaki 55. Mara 30,000 ni shilingi 1,650,000.

Hapo mwenye nyumba huja na swali lake la mwisho. Januari alikuwa na harusi iliyotaka nyumba nzima kwa siku kumi kwa bei kubwa, wakaenda kwingine. Hasara yake ya kweli anadai ilipita 30,000 kwa siku. Hawezi kudai tofauti hiyo? Hawezi. Kiwango kilichokubaliwa kinafunga pande zote mbili. Mwaka 1933, katika kesi ya Cellulose Acetate dhidi ya Widnes Foundry, mtambo ulichelewa wiki 30 na mkataba uliweka pauni 20 kwa wiki. Hasara halisi ilikuwa pauni 5,850. Mnunuzi aliambulia pauni 600. Mkandarasi anayelalamika juu ya kifungu cha fidia mara nyingi hajui kwamba kifungu hicho kimemwekea dari.

Msomaji wa Tanga au Dar es Salaam asichukue haya yote kama yalivyo. Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ilirithi sura ya sheria ya India, na kifungu chake cha 74 kinaupunguzia uzito ubishi wa faini au fidia. Kiasi kikishatajwa katika mkataba, kiitwe chochote, aliyekosewa hupewa fidia ya kadiri inayofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Huko kifungu chetu cha 14 kisingeanguka kizima. Kingekuwa dari, na mahakama ingejaza chini yake inachoona kinafaa. Kifungu cha 9 nacho kisingekuwa na uhakika wa kulipwa shilingi kwa shilingi.

Turudi Shela tufunge hesabu. Mkandarasi bado anadai 2,500,000 za bei ya mkataba. Kibaraza cha makuti kiliagizwa na mwenye nyumba na kimejengwa, kwa hiyo zile 320,000 ni haki yake, na dai linafika 2,820,000. Toa fidia ya kuchelewa 1,650,000. Mwenye nyumba aliyekuja akidai alipwe 1,280,000 atamlipa mkandarasi 1,170,000, na mkandarasi aliyetaka alipwe kila kitu ataondoka na chini ya nusu ya alichodai. Kama plasta ya bafu la chini itaanza kubambuka kabla muda wa kurekebisha kasoro kwisha, hilo litakuwa dai jingine, na kifungu cha 9 hakitaligusa.